Kufanya kazi katika chumba cha loye: namna ya kugawanya loye na umeme bila kujidanganya wala kudanganya kodi



Wengi kati yetu wanaishi sasa Kanada, na wengi kati yao wanakula kupitia luga: wanatafsiri kwa simu Kiswahili, Lingala, Kinyarwanda na Kifaransa kwa ajili ya hospitali, tribunali na maofisi ya wakimbizi. Si waajiriwa. Kampuni inawalipa kwa dakika au kwa saa, na kila mwaka wao wenyewe njo wanajitangazia mapato. Biro yao ni chumba kile kile wanacholala. Na kila mwaka, wakati wa kujaza makaratasi ya kodi, swali ni lile lile: loye ninayolipa, umeme ninaolipa, naweza kutoa kiasi gani kama gharama ya kazi?

Majibu yanayozunguka ni mawili, na yote mawili ni mabaya. Kuna wanaosema: «Kazi iko ndani ya chumba, kwa hiyo toa loye yote.» Wengine wanasema: «Chumba ni fasi ya kulala, usiguse, utajiletea matatizo.» Wa kwanza anatoa sana, wa pili anapoteza haki yake. Jibu la kweli liko katikati, na linapatikana kwa hesabu ya kugawanya na kuzidisha tu. Nitaeleza kwa yule anayefanya kazi kwa jina lake mwenyewe kule Ontario. Aliyeajiriwa na kampuni na kupewa ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani ana kanuni zake tofauti. Hizo leo siziingilii.

Kwanza, mlango wa kuingilia

Mbele ya hesabu yoyote kuna sharti. Sheria ya kodi ya mapato ya Kanada, kifungu cha 18(12), inafungua mlango kwa watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule ambaye nyumbani kwake njo fasi yake kuu ya kazi. Wa pili ni yule aliyetenga sehemu kwa ajili ya kazi tu, na anaitumia mara kwa mara kukutana na wateja wake pale. Inatosha kuingia kwa mlango mmoja.

Mkalimani wa simu anaingia kwa mlango wa kwanza. Tuchukue mwenzetu wa mfano: kila wiki anafanya saa 30 za simu akiwa chumbani, na saa 5 au 6 anaenda hospitalini kusimama kando ya mgonjwa. Sehemu kubwa ya kazi yake iko nyumbani, basi mlango uko wazi. Lakini geuza hesabu: kama anashinda saa 25 tribunalini na hospitalini, na nyumbani anapokea simu saa 5 tu, nyumbani si fasi yake kuu tena. Ingemlazimu kupitia mlango wa pili, na katika chumba kimoja chenye kitanda ni vigumu sana kusema kwamba anapokea wateja humo. Huyo hana cha kugawanya, na heri ajue mapema.

Kitu kimoja watu wanachanganya sana: kwa mlango wa kwanza, Kanada hailazimishi kwamba meza yako iwe ya kazi peke yake. Unaweza kufanyia kazi mchana na kulia chakula usiku juu ya meza ile ile. Kinachobadilika ni kiasi utakachotoa. Ndugu zetu walio Amerika wana sheria kali zaidi: kule sehemu lazima itumike kwa kazi peke yake, na mara kwa mara, kona inayotumika pia kwa mambo ya nyumbani haihesabiwi. Kwa hiyo usichukue hesabu ya binamu yako wa Kentucky ukaipeleka Ottawa, wala ya Ottawa kuipeleka Kentucky.

Pili, loye yako inanunua nini?

Hapa njo wengi wanakwama. Ajansi ya Mapato ya Kanada inataka ugawanye kwa namna yenye akili, na mfano inaoutoa ni ukubwa wa fasi: metre za mraba za sehemu ya kazi, gawanya kwa metre za mraba za makao yako yote. Juu ya sehemu ya kazi hakuna shida kubwa, unapima kona yako. Shida iko juu ya «makao yote». Mtu aliyepanga chumba ndani ya nyumba ya watu watatu, makao yake ni nini? Chumba tu, ao nyumba nzima?

Jiulize: zile dola unazotoa kila mwezi zinanunua nini? Hazinunui chumba peke yake. Zinanunua pia haki ya kupika jikoni, kuoga katika duushi, kukaa saluni. Ukigawanya kona yako kwa ukubwa wa chumba peke yake, umesahau kwamba sehemu ya loye inalipia jiko, na hesabu inapanda bila haki. Ukigawanya kwa nyumba nzima, unajionea, kwa sababu vyumba vya wale wengine wawili wewe huvilipii. Kwa maoni yangu njia iliyo ya haki ni kuchukua chumba chako, kisha kuongeza fungu lako katika sehemu za pamoja.

Tuhesabu kwa mwenzetu wa mfano. Chumba chake kina metre 3.5 kwa metre 4, yaani metre za mraba 14. Jiko, duushi, koridoo na saluni kwa pamoja ni metre za mraba 30, na wanazitumia watu watatu, kwa hiyo fungu lake ni 10. Makao yake ni 14 na 10, yaani 24.

Kona ya kazi ina meza, kiti, rafu ya makamusi na fasi ya kusogeza kiti nyuma. Amepima metre 2 kwa metre 1.80, yaani metre za mraba 3.6. Sasa 3.6 gawanya kwa 24 inatoa asilimia 15. Kama angegawanya kwa chumba peke yake angepata karibu asilimia 26. Tofauti ni kubwa, na yote inatokana na kusahau jiko.

Kuna wanaouliza: «Lakini nikiwa kwenye simu mlango umefungwa, hakuna anayeingia. Si chumba kizima kinafanya kazi?» Naelewa hoja hiyo, juu siri ya mgonjwa inadai mlango ufungwe. Lakini kitanda na kabati la nguo havitafsiri chochote. Kufunga mlango kunalinda mazungumzo. Hakugeuzi sehemu ya kulala kuwa biro. Pima pale unapokaa na pale vyombo vya kazi vinapokaa, hapo utaweza kujieleza mbele ya mtu yeyote.

Tatu, saa

Loye ni dola 800 kwa mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka. Fakture ya umeme ya nyumba wanaigawa watatu, na fungu lake linakaribia dola 40 kwa mwezi, yaani 480 kwa mwaka. Jumla ni 10,080. Asilimia 15 yake ni dola 1,512.

Je, atoe 1,512? Inategemea swali moja tu: ile kona inafanya kazi peke yake, ao inafanya na mambo mengine?

Kama kweli ni ya kazi peke yake, hata usiku inabaki na makaratasi ya kazi na hakuna anayekaa pale, basi 1,512 ni haki yake, na hahitaji kuhesabu saa. Lakini tuseme ukweli kati yetu. Katika chumba kimoja, meza ni moja. Juu yake mtu anakula, anaangalia filamu, anapiga simu ya video kwa mama aliye Bukavu, anajaza makaratasi ya mtoto. Kona hiyo ina wenyeji wawili, kazi na maisha, na lazima wagawane.

Kanuni ya Ajansi kwa hali hiyo ni rahisi. Chukua saa za kazi kwa siku, gawanya kwa 24. Kama hufanyi kazi siku zote za wiki, punguza tena kwa siku. Mwenzetu anafanya saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Ni 6 gawanya kwa 24, mara 5 gawanya kwa 7. Njia fupi inayotoa jibu lile lile: wiki ina saa 168, yeye anafanya kazi saa 30. Basi:

```
10,080 x 15% x 30/168 = 270
```

Dola 270 kwa mwaka mzima. Si 9,600, si 1,512. Kuna watakaosikia uchungu. Watasema: «Lakini usiku nimelala, kwa nini saa za usiku zihesabiwe dhidi yangu?» Kwa sababu loye inalipwa pia usiku. Kona ile ni yako kwa saa 24, na kwa saa ambazo kazi haiko, ni ya nyumba. Kugawanya kwa saa 12 ao 16 za mchana peke yake kunaonekana kitu kidogo, lakini si kanuni waliyoiandika.

Na usisahau kupunguza wakati usiokuwa na kazi. Kama alianza kazi mwezi wa saba, anachukua loye ya miezi 6 tu. Kama alikaa wiki 4 bila kufanya kazi, hizo nazo zitoke.

Nne, umeme una tabia yake

Loye haijali unafanya nini ndani ya chumba. Umeme unajali. Kwa hiyo watu wanauliza kama ni haki kugawanya umeme kwa metre za mraba, wakati frigo na jiko la umeme njo vinakula mingi na ordinateri inakula kidogo.

Tufanye jaribio. Kwa njia ya metre na saa, sehemu ya umeme ndani ya zile 270 ni dola 480 mara asilimia 15 mara 30/168, karibu dola 13. Sasa tupime kwa kifaa. Ordinateri, taa na kirauta vyote pamoja tuseme wati 60. Saa 30 kwa wiki, wiki 52, ni saa 1,560. Zidisha kwa wati 60 unapata karibu kilowati-saa 94. Kama kilowati-saa moja inauzwa senti 15, ni karibu dola 14. Njia mbili zinakutana karibu fasi moja. Kwa mkalimani, basi, hakuna sababu ya kujisumbua: tumia asilimia ile ile ya loye.

Zinaachana wakati kazi yenyewe inakula umeme. Dada anayeshona kwa mashini mbili na pasi ya moto saa 6 kwa siku, ao kijana anayechapisha tisheti kwa presi ya joto, umeme wake wa kazi hauwezi kuwa dola 13. Huyo atafaidika kupima kwa kifaa: wati zimeandikwa nyuma ya mashini, saa anazijua, bei iko juu ya fakture. Aandike hesabu hiyo kwenye karatasi na aifuate mwaka mzima. Kinachokatazwa na akili ni kuchagua kifaa kwa umeme mwezi wa kwanza, kisha metre mwezi wa pili, kila mara ile inayotoa zaidi.

Na kama loye ni «charji zote ndani», yaani umeme na moto wa winta vimo tayari ndani ya zile 800, basi hakuna umeme wa kuandika peke yake. Umeshahesabiwa ndani ya loye. Kuuweka mara ya pili ni kosa ambalo mkaguzi analiona haraka, kwa sababu atauliza fakture na wewe hauna.

Tano, unaandika wapi, na mpaka uko wapi

Karatasi ya mwenye kazi yake mwenyewe inaitwa T2125. Ndani yake kuna sehemu ya gharama za nyumba. Hapo unaweka kwanza kiasi chote: umeme 480 kwenye mustari wake, na loye 9,600 kwenye gharama nyingine, kwa kuwa loye haina mustari wake peke yake. Jumla 10,080. Kisha unatoa sehemu ya matumizi ya nyumbani. Kwa mwenzetu ni 9,810, na inabaki 270. Watu wengi wanaandika 270 moja kwa moja pale juu, kisha programu inawapunguzia tena, wanabaki na franga za kununulia chumvi. Ona vizuri mahali ulipo kwenye karatasi.

Baada ya hapo kuna mpaka: gharama za nyumba haziwezi kukuingiza katika hasara. Tuseme mwaka wa kwanza alipata dola 2,900 za ukalimani, na gharama nyingine za kazi zilikuwa 2,700. Imebaki faida ya 200. Gharama ya nyumba ni 270, lakini atatoa 200 tu, faida inakuwa sifuri. Zile 70 hazipotei. Zinangoja mwaka unaofuata, mradi bado anatimiza sharti la mlango na ana faida ya kuzibeba. Zinahitaji tu kukumbukwa: ukibadilisha mtu anayekujazia karatasi, mpe na ile ya mwaka uliopita, la sivyo 70 zako zimekufa.

Halafu tujue 270 ni nini. Si pesa ya kurudishiwa. Ni kiasi kinachopunguza faida inayotozwa. Kwa mwaka wa 2024, aliye katika ngazi ya chini kabisa kule Ontario alitozwa asilimia 15 ya serikali kuu na 5.05 ya jimbo, na mwenye kazi yake mwenyewe analipa tena mchango wa pansheni wa asilimia 11.9, fungu la mfanyakazi na la mwajiri pamoja. Kwa yule ambaye mapato yake yamepita viwango vya kuanzia, 270 zinamwachia karibu dola 80 mfukoni. Ni fakture mbili za umeme. Haifai kuzitupa, na haifai kusema uongo juu yake.

Ushahidi

Kodi inaamini makaratasi. Weka mkataba wa loye ao barua ya mwenye nyumba, pamoja na risiti za kila mwezi. Kwa wapangaji wanaolindwa na sheria ya makao ya Ontario ya 2006, mwenye nyumba analazimika kutoa risiti bure ukimwomba. Lakini kama unatumia jiko ao duushi pamoja na mwenye nyumba mwenyewe, sheria hiyo haikugusi. Basi lipa kwa benki, usilipe mkono kwa mkono, ili alama ibaki. Kama fakture ya umeme iko kwa jina la mwenzako wa nyumba, chukua kopi yake na uthibitisho wa pesa uliyomtumia.

Ongeza mambo mawili ambayo watu hawafikirii: mchoro wa chumba wenye vipimo, hata kwa kalamu, pamoja na picha ya kona, na daftari la saa. Mkalimani ana bahati, maana kampuni inamtumia orodha ya simu zenye tarehe na dakika. Hiyo njo daftari. Saa 30 ulizoandika lazima zifanane na orodha hiyo. Ukiandika saa 60 na kampuni ilikulipa saa 30, hutahitaji adui mwingine. Makaratasi hayo yachunge miaka 6 baada ya mwisho wa mwaka yanaouhusu. Na tarehe: mwenye kazi yake mwenyewe anaweza kupeleka karatasi mpaka tarehe 15 Juni, lakini kodi yenyewe inatakiwa ilipwe tarehe 30 Aprili. Anayengoja Juni kulipa ameshaanza kulipa faida juu ya deni.

Na sisi tuliobaki huku?

Wazo hili si geni kwetu. Sheria yetu ya tarehe 10 Februari 1969 juu ya kodi za mapato ilihesabu kati ya gharama za kazi loye iliyolipwa kweli kwa ajili ya nyumba «ao sehemu za nyumba» zinazotumika kwa kazi, pamoja na utunzaji na mwangaza wake, na ikakataa gharama za maisha ya mtu na ya nyumba yake. Ni mizani ile ile. Lakini sheria ya mwaka 2013 juu ya biashara ndogo iliwatoza wadogo kwa njia nyingine: asilimia 1 ya mauzo kwa anayeuza vitu, asilimia 2 kwa anayetoa huduma, kwa wenye mauzo kati ya milioni 10 na milioni 80 za franga. Anayetozwa juu ya mauzo, kugawanya loye hakumpunguzii kodi hata franga moja, maana hakuna anayemuuliza faida.

Hesabu inamfaa bado kwa kitu kingine: kujua bei yake. Yule mkalimani, kila saa ya kazi inabeba senti 17 za loye na umeme, yaani 270 gawanya kwa saa 1,560. Anayepiga komputa katika chumba chake Goma ao Lubumbashi afanye vile vile kwa loye yake, umeme wake na mafuta ya jenereta, kisha aangalie kama bei anayomwambia mteja kwa kila ukurasa imebeba gharama hiyo, ao ni mshahara wake njo unailipa.